Dodoso Kabla Halijaenda Kijijini

Swali baya haliachi nafasi tupu kwenye dodoso. Mdadisi hulisoma, mhojiwa hulijibu, karani huingiza jibu kwenye kompyuta, na mwisho wake hutoka asilimia safi isiyoonyesha kasoro yoyote. Ndiyo maana kazi ya kulipitia dodoso hufanywa kabla ya kwenda uwandani. Baada ya hapo hakuna hesabu itakayoweza kutenganisha alichokisema mtu na alichosukumwa kukisema.

Tuchukue dodoso la huduma ya maji, la aina inayoandaliwa na halmashauri, mashirika na vikundi vya watumia maji. Rasimu yake ina swali hili: “Je, unakubali kwamba mradi mpya umewaletea wananchi maji safi, ya bei nafuu na karibu na makazi yao?” Majibu ya kuchagua ni matano: nakubali sana, nakubali, nakubali kiasi, sina uhakika, sikubali. Ukilisoma haraka halina ubaya. Kiswahili chake ni fasaha na kila mtu atalijibu.

Sasa fikiria kaya tatu za kijiji hichohicho. Ya kwanza iko jirani na kituo cha kuchotea maji, na maji yake ni safi, lakini kila ndoo inauzwa kwa bei inayowafanya wachote mbili badala ya tano. Ya pili inamudu bei, ila maji yana chumvi hata chai hainyweki. Ya tatu haina lalamiko kuhusu bei wala ladha, lakini kituo kiko ng’ambo ya korongo. Wote watatu wanaweza kusema “nakubali kiasi”. Fundi akipelekewa ripoti inayosema nusu ya kijiji imekubali kiasi, atafanya nini? Ashushe bei, achimbe kisima kingine au avute bomba? Jibu hilo halimwambii.

Hapo ndipo ninapopendekeza mapitio yaanzie, yaani kwenye majibu na si kwenye swali. Chukua kalamu, na pembeni ya kila jibu andika: wengi wakichagua hili, tutajua nini na tutafanya nini? Ukishindwa kuandika sentensi moja iliyo wazi, swali halijaiva. Mara nyingi utakuta limebeba mambo mawili au matatu kwa pamoja, kama hili letu lililobeba usafi, bei na umbali.

Wapitiaji wengi hufundishwa kutafuta “na”, “au” na “pamoja na”. Ni mwanzo mzuri, lakini usiifanye kuwa sheria. “Mara ya mwisho uliponawa mikono, ulitumia maji na sabuni?” ni swali la tendo moja, mradi aliyeliandika anataka kujua kama vyote viwili vilitumika. Upande wa pili kuna maswali yaliyobeba mambo mawili bila kiungo chochote: “Je, huwa unachota maji kisimani kwa sababu ya foleni bombani?” Mtu anayechota kisimani kwa sababu ya bei atajibu vipi? Akisema hapana, atahesabiwa kuwa hachoti kisimani. Akisema ndiyo, lawama inaiendea foleni. Tendo liulizwe kwanza, na sababu iulizwe baadaye kwa yule tu aliyesema anachota huko.

Kasoro ya pili ya swali letu ni kwamba linamwelekeza mhojiwa. Maneno “je, unakubali kwamba” yanamwonyesha jibu linalosubiriwa. Mwaka 2013, Tume ya Uchaguzi ya Uingereza ililipima swali lililopendekezwa kwa kura ya maoni ya Uskoti, lililowauliza watu kama wanakubali kwamba Uskoti iwe nchi huru. Tume ilishauri maneno hayo ya kukubali yaondolewe, kwa kuwa yaliegemea upande mmoja. Karatasi ya kura ya mwaka 2014 ikauliza tu kama Uskoti iwe nchi huru, ndiyo au hapana.

Kwetu mvuto huo una nguvu zaidi kwa sababu ya adabu. Mgeni amefika na kitambulisho shingoni, pengine ameletwa na mwenyekiti wa kitongoji ambaye bado amesimama mlangoni, na anauliza kama unakubali kwamba mradi umeleta mema. Wengi watakubali ili mgeni aondoke na neno jema. Kwa hiyo mpitiaji asiangalie swali lenyewe tu, asome pia utangulizi wake. Sentensi kama “serikali imetumia fedha nyingi kuboresha maji hapa” ikitangulia, swali lolote litakalofuata limeshaegemea. Hata mpangilio una nguvu hiyo: ukiorodhesha faida tano za mradi kisha ukauliza kama mtu ameridhika, umemkumbusha mazuri peke yake.

Dawa ya kawaida ni kuzitaja pande zote mbili ndani ya swali: “Je, umeridhika au hujaridhika na bei ya maji unayolipa sasa?” Lakini kuzitaja pande mbili nako kunahitaji uangalifu. Mwaka 1992, kampuni ya Roper ya Marekani iliwauliza watu kama wanaona inawezekana au haiwezekani kwamba mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi hayakutokea kamwe. Asilimia 22 walijibu kwamba inawezekana. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1993 yaliwashtua wengi, maana yalionyesha kwamba zaidi ya Mmarekani mmoja kati ya watano ana shaka na tukio lililothibitishwa kwa kila aina ya ushahidi. Mwaka 1994 Roper waliuliza upya kwa maneno mepesi: unaona inawezekana kwamba hayakutokea, au una hakika kwamba yalitokea? Safari hii waliosema inawezekana walikuwa asilimia 1, na wenye hakika asilimia 91. Tofauti kubwa kiasi hicho haikutokana na watu kubadili mawazo. Kukanusha mara mbili, “haiwezekani” kwa “hayakutokea”, kuliwachanganya.

Mtego huo uko karibu sana na wanaouliza kwa Kiswahili. Muulize mtu, “Wiki hii hamjakosa maji?” Mmoja atajibu “ndiyo” akimaanisha ni kweli, hatujakosa. Mwingine atajibu “ndiyo” akimaanisha tumekosa. Kwenye fomu wote wawili wamewekewa alama ileile. Mimi hulifuta kila swali la ndiyo na hapana lenye kitenzi cha kukanusha, hata kama mwandishi wake ana hakika kwamba litaeleweka. “Katika siku 7 zilizopita, kuna siku mlikosa maji?” linatosha.

Tumefika kwenye ngazi za majibu, mahali ambapo dodoso nyingi huharibika huku watu wakihangaika na maneno ya swali tu. Rudi kwenye majibu matano ya rasimu yetu. Matatu yako upande wa kukubali, moja ni la kukataa, na “sina uhakika” limewekwa katikati kana kwamba kutojua ni nusu ya kukubali. Asiyetumia kabisa maji ya mradi hana pa kuingia. Ngazi iliyo sawa ina idadi ileile ya majibu kila upande, na “sijui” pamoja na “situmii” hukaa nje yake, zikiwa na alama zao peke yao.

Namba nazo zina maana zake kichwani mwa mhojiwa. Kundi la watafiti lililoongozwa na Norbert Schwarz lilichapisha mwaka 1991 matokeo ya jaribio lililofanyika Ujerumani, ambako watu waliulizwa wamefanikiwa kiasi gani maishani. Waliopewa ngazi ya 0 hadi 10, asilimia 34 walijiweka kwenye nusu ya chini, yaani 0 hadi 5. Waliopewa ngazi yenye hatua zilezile, ila imeandikwa kuanzia -5 hadi +5, ni asilimia 13 tu waliojiweka kati ya -5 na 0. Sifuri ya kwanza ilisomeka kama kukosa mafanikio, na -5 ilisomeka kama kushindwa kabisa, jambo ambalo wachache walitaka kulikiri. Kwetu kuna la kuongeza: mtu aliyezoea matokeo ya shule anajua kwamba aliyeshika namba 1 ndiye bora. Mwambie achague 1 hadi 5 huku 5 ikiwa ndiyo nzuri, na baadhi yao watakupa 1 kwa furaha.

Kwa mahojiano ya ana kwa ana au ya simu, ngazi ya majibu matano yanayosomwa kwa mfululizo ni mzigo, na mara nyingi mtu hushika yale ya mwisho aliyoyasikia. Gawanya mara mbili. Kwanza uliza: “Umeridhika au hujaridhika?” Akishachagua upande, uliza: “Sana, au kiasi tu?” Umepata ngazi nne, na hakuna aliyelazimika kukariri kitu. Na pale ambapo kiasi kinaweza kuhesabika, achana kabisa na maneno kama “mara kwa mara” na “karibu”, kwa kuwa kila mtu ana kipimo chake. Uliza siku, uliza shilingi, uliza dakika.

Swali letu moja sasa limekuwa manne. Jana mlichota maji wapi? Kwenda, kupanga foleni na kurudi kulichukua dakika ngapi? Ndoo ya lita 20 mlilipa shilingi ngapi? Maji hayo, kwa kunywa, umeridhika nayo au hujaridhika? Dakika zinaulizwa kwa namna hiyo kwa sababu kipimo cha Shirika la Afya Duniani na UNICEF cha huduma ya msingi ya maji ni dakika 30 zisizozidi, kwenda na kurudi, foleni ikiwemo. Rasimu iliyouliza “karibu” isingeweza kulinganishwa na kipimo hicho.

Baada ya mezani, lipeleke kwa watu wanane au kumi wa kijiji kisichokuwamo kwenye utafiti, na usikilize zaidi ya kuandika. Mhojiwa akiomba swali lirudiwe, akijibu “inategemea”, au akianza kusimulia badala ya kuchagua, hiyo ni dalili. Wote wakijibu sawasawa na bila kufikiri, hiyo nayo ni dalili. Kisha waulize walivyoelewa. Mtu aliyekutajia dakika 20, muulize alianza kuhesabu wapi. Ukisikia, “Nimehesabu kutembea tu, foleni nayo ni saa nzima,” basi neno “foleni” halijasikika, na linahitaji swali lake lenyewe.

Kizuizi kigumu kuliko vyote ni swali bovu lililokwisha kuulizwa miaka iliyopita. Mfadhili anataka kulinganisha mwaka huu na mwaka juzi, na ukibadilisha maneno hutajua kama kilichobadilika ni hali ya maji au ni swali. Kuliacha kwa sababu hiyo ni kuendelea kupima kitu kisichojulikana. Njia ni kuligawa kundi la wahojiwa kwa bahati nasibu, nusu waulizwe swali la zamani na nusu jipya, kwa mwaka mmoja. Tofauti ya nusu hizo mbili itakuonyesha swali la zamani lilikuwa likivuta majibu upande gani, na kwa kiasi gani. Kuanzia mwaka unaofuata, la zamani linaondolewa.