Mabosi wawili, siku tatu

Chukulia wewe ni afisa ugani wa kata moja Mbinga. Jumatatu asubuhi Mtendaji wa Kata anakutaka siku 3 kwenye ujenzi wa darasa. Mara simu inaita: mkuu wa idara ya kilimo, halmashauri, anataka hesabu ya miche ya kahawa kufikia Jumatano. Wote wana haki. Mmoja anakusimamia kiutawala, mwingine kitaaluma.

Mwaka 1964 Robert Kahn na wenzake, Marekani, walieleza kwamba mtu aliyebanwa hivi hupunguza mawasiliano na wanaombana, na kuaminiana kunashuka. Ndipo tunapokosea: tunaitikia "sawa mkuu" kote kote, halafu tunajificha.

Badala yake, andika ujumbe mmoja, uwatumie wote wawili:

"Shikamooni wakuu. Miche inahitaji siku 2, ujenzi siku 3, na vyote mwisho Jumatano. Napendekeza nihesabu leo na kesho, keshokutwa niwe ujenzini. Naomba mwongozo kabla ya saa 5."

Hapo hakuna atakayesikia habari tofauti kwa mwenzake, na uamuzi umebaki kwao. Wakikaa kimya, wapigie, maneno yawe yaleyale. Wasipokubaliana, bosi wao wote ni Mkurugenzi wa halmashauri. Waombe wampelekee wao. Ukiwaruka, umewapoteza wote.