Uwiano, Usababishi na Thamani ya Angalizo katika Utahini wa Tasnifu

Makala haya yanafafanua namna mtahini anavyoweza kulipima dai linalogeuza uwiano kuwa usababishi, pamoja na alama zinazostahili kutolewa kwa angalizo linaloambatana na dai hilo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtahiniwa amekusanya data kwa wanafunzi 120 wa kidato cha tatu: idadi ya vitabu vya hadithi walivyosoma katika muhula na alama zao za insha. Amepata uwiano wa 0.48, kisha akaandika kuwa usomaji wa hadithi "umeinua" umahiri wa uandishi. Tatizo limo katika kitenzi hicho. Data zilikusanywa mara moja tu, hivyo hazionyeshi kipi kilitangulia. Yamkini wanaoandika vizuri ndio wanaopenda kusoma. Aidha, wanafunzi 60 wanatoka shule ya bweni yenye maktaba na walimu wa kutosha, na 60 wanatoka shule ya kutwa isiyo na maktaba. Uwiano ukikokotolewa kwa kila shule peke yake, unashuka hadi 0.18. Sehemu kubwa ya uwiano wa awali, basi, ilibeba tofauti baina ya shule hizo mbili. Hata hivyo, mshuko huo hauthibitishi kwamba usomaji hauna athari, kwani huenda maktaba yenyewe huwanufaisha wanafunzi kwa kuwawezesha kusoma.

Sasa tuseme sehemu ya mjadala ina alama 10, na 4 kati yake ni za uhalali wa hitimisho. Mtahiniwa aliyeandika tu kwamba "uwiano si usababishi" hastahili zaidi ya alama 1, kwa kuwa sentensi hiyo ingeweza kubandikwa katika tasnifu yoyote. Aliyeitaja aina ya shule na kueleza kuwa inaweza kuukuza uwiano anastahili 2 au 3: ameonyesha chanzo cha shaka na mwelekeo wake. Alama zote 4 ni za yule aliyekokotoa upya kwa kila shule, kisha akalipunguza dai lake liendane na alichokiona.

Hapa ndipo watahini wengi, kwa maoni yangu, huwa wakarimu kupita kiasi. Angalizo husomwa katika sura ya mjadala na kupewa alama, ilhali sura ya mapendekezo inaitaka wizara inunue vitabu "kwa kuwa imethibitika" vinainua ufaulu. Angalizo lililokanushwa namna hiyo lirudishiwe alama 1 tu, hata kama liliandikwa kwa ufasaha. Njia nyepesi ya kulibaini ni kusoma ikisiri na mapendekezo kwanza, kuviorodhesha vitenzi vya usababishi kama vile kuongeza, kuchangia na kuathiri, ndipo mtahini auendee mjadala kutafuta kinachovihalalisha.