Kabrasha la kurasa 64 linalofunguka kwa kubofya

Mwanachama wa saccos anapotumiwa kabrasha la mkutano mkuu kwenye simu, swali lake la kwanza ni gawio. Jibu liko katikati ya kurasa 64, na ili alifikie inabidi ateleze kidole kupita kumbukumbu za kikao kilichopita, hotuba ya mwenyekiti na orodha ya wajumbe. Yaliyomo yapo mwanzoni, lakini ukiyabofya hakuna kinachotokea.

Kama faili la Word bado lipo, katibu aliweke sawa hukohuko, maana viungo vinavyotengenezwa kwenye Word huingia kwenye PDF vyenyewe. Mara nyingi halipo. Sehemu moja ilitoka kwa mhasibu, nyingine kwa mkaguzi, na nyingine ni karatasi zilizoskaniwa. Hapo kazi inafanyika juu ya PDF yenyewe, kwa programu ya kuhariri kama Adobe Acrobat Pro, Foxit PDF Editor au PDF-XChange Editor. Acrobat Reader ya bure husoma viungo tu, haiviongezi.

Kwenye Acrobat Pro, katibu hufungua Edit PDF, kisha Link, halafu Add/Edit Web or Document Link; majina hayo hubadilika kidogo toleo hadi toleo. Mshale wa kipanya unageuka kuwa alama ya msalaba. Anauburuta kuzunguka mstari wa "Taarifa ya fedha", na dirisha dogo linafunguka. Achague Invisible Rectangle, la sivyo yaliyomo yatajaa visanduku. Kwenye Link Action, achague Go to a page view, abonyeze Next, asogeze faili hadi ukurasa wenye taarifa ya fedha, kisha abonyeze Set Link.

Kilichoongezwa ni kisanduku kisichoonekana kilicholala juu ya ukurasa, chenye vipimo vinavyohesabiwa kwa sehemu ya 72 ya inchi. Hakijashikana na maneno yaliyo chini yake. Ndiyo maana kinafanya kazi hata juu ya karatasi iliyoskaniwa, na ndiyo maana pia mtu akihariri maandishi baadaye na mstari ukashuka, kisanduku hubaki palepale. Anayebofya "Gawio" anajikuta kwenye "Mengineyo".

Namba za kurasa ndizo zinazoponza wengi. Kabrasha letu lina jalada na kurasa tano za utangulizi zenye namba za Kirumi, kwa hiyo ukurasa uliochapwa 1 ni wa 7 ndani ya faili. Taarifa ya fedha imechapwa 23, lakini kwa hesabu ya faili ni ya 29. Katika programu zinazotaka uandike namba, ukiandika 23 unaangukia kurasa sita nyuma. Ukiona viungo vyote vimekosea kwa idadi ileile, chanzo ni hicho.

Kuna na ukuzaji. Kiungo cha page view hukariri jinsi ukurasa ulivyoonekana ulipobonyeza Set Link. Kama katibu alikuwa amekuza hadi asilimia 200 ili asome tarakimu, msomaji naye atatupwa kwenye kona ya jedwali lililovimba. Dawa ni kufungua Properties ya kiungo, kuingia Actions, kubonyeza Edit na kuchagua Inherit Zoom, ili msomaji abaki na ukubwa aliokuwa nao.

Kiungo kinachotoka nje huchaguliwa Open a web page, na anwani iandikwe kamili pamoja na https:// mwanzoni. Kwa barua pepe, weka mailto: mbele ya anwani. Open a file, kwa mtazamo wangu, isitumike kwenye kabrasha la kusambaza: faili lililo kwenye kompyuta ya katibu halimo kwenye simu ya mwanachama, na kiungo kitamfia mkononi.

Jaribio nalo lina mtego. Acrobat Reader inaweza kuifanya anwani ya tovuti iliyoandikwa kikamilifu ibofyeke yenyewe, hata kama hakuna aliyeiwekea kiungo. Katibu anaona inafungua, anaridhika, kumbe kwenye programu nyingine imekufa. Kwa hiyo lifungue faili pia kwenye brauza na kwenye simu, ubofye kila mstari. Programu chache za simu hazifuati viungo vya ndani ya faili, kwa hiyo namba za kurasa zisifutwe kwenye yaliyomo.

Ukimaliza, hifadhi kwa Save As na utume faili hilohilo. Ukilipitisha tena kwenye Microsoft Print to PDF, viungo vyote vinapotea na zinabaki kurasa tupu za kutazama.