Kikundi Kinapoomba Pesa za Uwezo

Mwaka 2013 serikali ya Kenya ilibaki na shilingi bilioni 6 zilizokuwa zimetengewa duru ya pili ya uchaguzi wa urais, duru ambayo haikufanyika. Pesa hizo ndizo zilizoanzisha Hazina ya Uwezo, na kanuni zake zikatoka mwaka 2014. Hazina ya vijana na ile ya wanawake zilikuwa zimetangulia kwa miaka kadhaa. Uwezo ikaja na sura yake: pesa zinagawiwa maeneo bunge, kamati ya eneo bunge inapitia maombi, na kinacholipwa kinakopeshwa vikundi vingine vya hapo hapo. Ukikosa kulipa, anayeumia ni kikundi cha jirani kinachongoja foleni.

Mkopo huu hauna riba. Unatozwa ada ya usimamizi ya asilimia 3, mara moja tu. Kiwango ni kuanzia shilingi 50,000 hadi 500,000, miezi sita ya kwanza hamlipi kitu, na deni linatakiwa limalizike ndani ya miezi 24. Kwa masharti hayo, mtu angedhani hakuna wa kushindwa. Wanaoshindwa wapo, na mara nyingi dalili zinaonekana kwenye karatasi za maombi kabla pesa hazijatoka.

Tuanze na nani anaruhusiwa. Mkopo huu ni wa kikundi, si wa mtu mmoja. Wanachama wa kikundi cha vijana wawe na umri wa miaka 18 hadi 35. Mwanamke, akishafikisha miaka 18, hana ukomo wa umri, na watu wenye ulemavu nao wamo. Kikundi kiwe kimesajiliwa, kwa kawaida katika ofisi ya huduma za jamii, kiwe na angalau miezi sita, kifanye kazi ndani ya eneo bunge kinapoombea, na kiwe na akaunti ya benki kwa jina lake. Chifu au kiongozi mwingine anayetambulika hapo mtaani atathibitisha kwamba mnajulikana.

Sharti linalowakwamisha wengi ni la michango. Lazima mwonyeshe kwamba mnachanga kila mwezi na mna utaratibu wa kuweka na kukopeshana, ile tebo bankingi ya vyama vyetu. Daftari la michango ndilo shahidi. Daftari la kweli lina kalamu tofauti, lina madoa, lina mwezi ambao wawili walichelewa wakatozwa faini. Daftari ambalo miezi sita yote imeandikwa kwa wino mmoja na mkono mmoja, kila mtu kalipa kamili tarehe ile ile, limeandikwa juzi usiku. Anayepitia maombi kila msimu anajua tofauti hiyo, na akitaka uhakika ataitisha taarifa ya akaunti kutoka benki, kisha aziweke karatasi mbili kando kwa kando. Kwa hiyo jambo la kwanza kabla ya kushika fomu ni kuhakikisha daftari na benki vinasema neno moja. Kama mlikuwa mkichanga na kugawana pale pale bila kupeleka benki, semeni hivyo, kisha mwanze kupeleka.

Sasa tuje kwenye maelezo ya mradi, sehemu ya fomu inayoogopwa. Vikundi vingi hukimbilia maneno makubwa: kupiga vita umaskini, kuinua jamii, kuwawezesha akina mama. Kamati imeyasoma maneno hayo mamia ya mara. Inachotaka kujua ni mtanunua nini, kwa bei gani, mtamuuzia nani, na mwezi wa saba pesa ya kulipa itatoka wapi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kikundi cha wanawake 12 kutoka Kilifi wanataka kufuga kuku wa mayai. Wameomba shilingi 200,000. Nusu yake, yaani 100,000, ni ya kujenga banda jipya la mawe na mabati. Nyingine ni ya vifaranga 100 vya siku moja, chakula, chanjo na vyombo. Bei nitakazotaja ni za kukadiria tu. Wewe weka za soko lako.

Kuku wa mayai anayetaga anakula takriban gramu 120 kwa siku. Kuku 100 watamaliza kilo 360 kwa mwezi, yaani mifuko mitano na ushei ya kilo 70. Kwa shilingi 3,500 kila mfuko, hiyo ni kama 18,000. Wakitaga vizuri, tuseme mayai 80 kwa siku, mwezi utakuwa na trei 80. Mkiuzia maduka kwa 330, mtapata 26,400. Ondoa chakula, mkononi mnabaki na 8,400.

Upande wa pili, deni. Mkihesabu kwa tahadhari kwamba ile miezi sita ya kusubiri imo ndani ya 24, mtakuwa na miezi 18 ya kulipa. Laki mbili kwa miezi 18 ni shilingi 11,100 na kidogo kila mwezi. Kuku wanaleta 8,400. Pengo ni kama 2,700, na hapo sijamhesabu kuku aliyekufa, wala yai lililopasuka njiani, wala mwenye duka anayechukua trei na kusema atalipa Ijumaa.

Mradi huo haulipi, na si kwa sababu ya kuku. Tatizo ni banda, maana halitagi mayai lakini limebeba nusu ya deni. Wanawake hawa wakikubaliana kukarabati kibanda cha mmoja wao kwa michango yao, hesabu inabadilika kabisa. Vifaranga 15,000, chakula cha kuwakuza mpaka waanze kutaga kama 40,000, chanjo 5,000, vyombo na taa 10,000, chakula cha mwezi wa kwanza wa kutaga 18,000, ada ya hazina 3,000. Jumla 91,000. Waombe laki moja, 9,000 ibaki ya dharura. Malipo ya mwezi yatashuka hadi kama 5,600, na kuku wale wale watayalipa, kitu kibaki. Kama mwenye kibanda atataka kodi, iandikwe tangu mwanzo.

Kamati ikiona ombi lililopunguzwa kwa hesabu, inaona watu waliokaa chini wakafikiri. Kuomba kiwango cha juu kwa sababu kipo ni kosa la kawaida mno.

Kuna jambo la kalenda pia. Kifaranga cha mayai kinaanza kutaga kati ya wiki ya 18 na ya 20, na kinachukua wiki kadhaa zaidi kufika kileleni. Ile miezi sita inatosha, lakini kwa kubana. Saa inaanza kuhesabu pesa zikiingia kwenye akaunti, si vifaranga vikiingia bandani. Watotoleshaji vifaranga wengi wana foleni ya wateja. Kikundi kinachongoja pesa ndipo kikaulizie vifaranga kinaweza kupoteza miezi miwili, kikajikuta kinadaiwa mwezi wa saba na kuku wake bado hawajataga hata yai. Kwa hiyo kwenye maelezo andikeni: vifaranga vimeshaulizwa kwa nani, foleni yake ni ya muda gani, chanjo ya Gumboro na ya kideri itatolewa lini na nani. Mistari minne kama hiyo ina uzito kuliko ukurasa mzima wa kusifu ufugaji.

Udhamini ndio moyo wa mkopo huu. Hakuna hati ya shamba, hakuna payslipu. Dhamana ni nyinyi wenyewe: mnakopa kama kikundi na mnadaiwa kama kikundi. Mmoja akihamia Mombasa na kuzima simu, sehemu yake haihami naye. Kumi na mmoja waliobaki wataigawana. Wengi husaini bila kulitafakari hilo, wakidhani kila mtu anadaiwa sehemu yake tu.

Balaa kubwa hutokea siku pesa zinapotoka. Kikundi kimeandika mradi wa kuku, lakini wakifika benki wanakata laki moja vipande kumi na viwili, kila mtu anaondoka na 8,000 na ushei. Mwingine analipa karo, mwingine ananunua unga. Mradi uliodhaminiwa haupo tena, ila deni lipo zima. Tangu hapo mkutano unaogopwa, mwekahazina anaonekana adui, na wanaolipa kwa wakati wanaanza kuuliza kwa nini wawalipie wengine. Chama kinakufa kabla deni halijaisha.

Kinga yake ni kuandika mambo mapema, wakati watu bado wanapendana. Kumbukumbu za mkutano ulioidhinisha mkopo zitaje kiasi, mradi, majina ya waliohudhuria na saini zao. Saini ya mtu aliyekuwa msibani siku hiyo isiwemo. Kisha katiba ya kikundi ieleze mtu akikosa mchango mmoja itakuwaje. Kwa mfano: wiki ya kwanza anatembelewa nyumbani na wanachama wawili, mwezi ukiisha, akiba yake ndani ya chama inashika deni, akiba isipotosha, alichoweka rehani kwa wenzake, kiwe mbuzi au cherehani, kinauzwa mbele ya kikao. Rehani hiyo ni makubaliano yenu ya ndani, hazina haiihitaji. Lakini vikundi vinavyodumu mara nyingi vina kitu cha namna hiyo, hata kama hawakiiti rehani.

Na msimchukue mtu kujaza idadi. Shemeji anayeishi Nairobi, ambaye jina lake limetiwa ili kikundi kitimie, ni mdhamini asiyeweza kukamuliwa hata senti. Heri kungoja mpate jirani.

Malipo yaanze kuwekwa mapema, hata ndani ya miezi ile ya kusubiri. Wanawake wetu 12 wakiendelea kuchanga 300 kila mwezi, baada ya miezi sita watakuwa na 21,600 benki, karibu malipo ya miezi minne. Kuku wakichelewa, deni halichelewi. Weka risiti ya kila malipo kwenye faili moja pamoja na nakala ya mkataba, na mwekahazina asome salio mbele ya wote kila kikao. Mkimaliza bila kusumbua, mnaweza kuomba tena, na ombi la pili husomwa pamoja na historia ya la kwanza.

Fomu inachukuliwa kwa maafisa wa hazina katika eneo bunge lako, na hailipiwi. Malipo pekee yanayojulikana ni ile asilimia 3, nayo inatokana na mkopo wenyewe. Mtu akikuomba kitu kidogo ili faili lako lisogee, si mtu wa hazina, au kama ni wake, anakuibia. Na siku ya kusaini, ombeni mkataba usomwe kwa sauti kwa lugha ambayo kila mwanachama anaielewa, tarehe ya malipo ya kwanza itajwe, kisha ndipo kila mtu atie saini yake.