Rudia Tu, Itapita: Kosa Linalojificha Ndani ya Makefile

Kuna jibu ambalo watengeneza programu hupeana upesi pale kompyuta inapogoma kujenga programu yao: rudia tu, itapita. Na kweli, anayerudia huona imepita. Hakuna mstari uliobadilishwa, mashine ni ile ile na amri ni ile ile, lakini kosa lililojaa kwenye skrini dakika moja iliyopita limetoweka. Kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Baada ya wiki mbili kosa linazuka tena, safari hii kwenye seva inayojenga programu usiku, na hakuna anayekumbuka kwamba liliwahi kuonekana.

Mara nyingi mzizi wa fitina hii uko kwenye faili moja liitwalo Makefile, na kinachoufichua ni kitu kidogo mno kilichoongezwa kwenye amri: `-j`.

Makefile ni orodha ya kanuni ambazo programu iitwayo make huzisoma. Kila kanuni hutaja lengo, yaani faili linalotakiwa kutengenezwa. Hutaja tegemezi zake, yaani mafaili yanayopaswa kuwa tayari kwanza. Kisha hutoa amri ya kulitengeneza lengo hilo. Make hulinganisha saa za mafaili. Tegemezi ikiwa mpya kuliko lengo, amri hutekelezwa. Lengo likiwa jipya kuliko tegemezi zake zote, make hulipita.

Stuart Feldman aliiandika mwaka 1976 katika maabara za Bell, Marekani. Kilichomsukuma ni mwenzake Steve Johnson, mtunzi wa yacc, aliyeingia ofisini kwake akiwa amefura kwa hasira. Johnson alikuwa amepoteza asubuhi nzima akisaka kosa ambalo tayari alikwisha kulirekebisha; faili lilirekebishwa ila halikukompailiwa upya, hivyo programu aliyokuwa akiijaribu ilikuwa ya zamani. Make ilizaliwa ili kazi hiyo ya kukumbuka nini kinategemea nini isibaki kichwani mwa mtu. Lakini ilikuja na sharti moja ambalo halijabadilika hadi leo: make hujua tu yale iliyoambiwa.

Chukua programu ndogo ya duka inayokokotoa bei. Ina mafaili mawili ya msimbo, `main.c` na `kodi.c`, pamoja na faili la kichwa `toleo.h` ambalo halikuandikwa na mtu. Hutengenezwa na skripti, na ndani yake mna namba ya toleo la programu. Mstari wa pili wa `main.c` unaliita faili hilo kwa `#include "toleo.h"`. Makefile yake ni hii:

```make
bei: toleo.h main.o kodi.o
	gcc -o bei main.o kodi.o

toleo.h: toleo.sh
	sh toleo.sh > toleo.h
```

Kanuni za `main.o` na `kodi.o` hazionekani kwa sababu make inazo zake za asili: ikitakiwa `main.o` na kuna `main.c`, inajua la kufanya. Ukiandika `make` bila nyongeza yoyote, mambo hunyooka. Make hushika tegemezi za `bei` kuanzia kushoto. Inatengeneza `toleo.h`, inamaliza, ndipo inakompaili `main.c`, halafu `kodi.c`, kisha inaunganisha. Aliyeiandika Makefile hii anaweza kuitumia miaka mitano bila kusikia lolote.

Tazama hata hivyo kile ambacho hakikuandikwa. Hakuna mahali popote palipoambiwa make kwamba `main.o` inahitaji `toleo.h`. Kimeandikwa tu kwamba `bei` inahitaji vyote vitatu. Utaratibu uliokuwa ukileta matokeo mazuri ulitokana na mpangilio wa majina kwenye mstari, wala si agizo. Ni sawa na orodha ya kazi za jikoni siku ya shughuli: mpishi mmoja akiifuata kutoka juu kwenda chini, nazi itakunwa kabla ya wali kuungwa, wakija wanne na kila mmoja akajichukulia kazi yake, wa wali hana namna ya kujua kwamba anasubiri tui.

Hao wanne ndio `-j4`. Nyongeza hiyo huiruhusu make kuendesha kazi hadi nne kwa wakati mmoja, na kwa kuwa kompyuta za leo zina prosesa zenye viini vingi, karibu kila mtu huitumia. Kwa Makefile yetu, make itaona tegemezi tatu ambazo kwa mujibu wa maandishi hazihusiani, na itaziwasha zote pamoja.

Kuanzia hapo matokeo yako mikononi mwa saa. Skripti ikiwahi kumaliza kabla ya kompaila kufika mstari wa pili wa `main.c`, programu hujengwa bila tatizo. Kompaila ikiwahi, yapo mawili. Ikiwa faili halijaundwa kabisa, kosa huwa wazi:

```
main.c:2:10: fatal error: toleo.h: No such file or directory
```

Lakini alama ya `>` ina tabia yake. Huliunda faili tupu mara tu amri inapoanza, kabla skripti haijaandika herufi hata moja. Kwa hiyo mara nyingi kompaila hulikuta `toleo.h` lipo, ila halina kitu ndani, na kosa linalotoka ni jingine kabisa: jina `TOLEO` halijatangazwa. Msomaji wa kosa hilo analifungua faili, anaikuta `TOLEO` imetulia mahali pake, na anaanza kuitilia shaka kompaila.

Lipo baya zaidi. Ikiwa msimbo unauliza kwa `#ifdef RISITI_MPYA` kama sehemu fulani ya programu iwashwe, basi faili tupu halitaleta kosa lolote. Jibu litakuwa hapana, sehemu hiyo itaachwa, na programu itajengwa salama salimini ikiwa na pengo. Hilo halitaonekana kwenye seva ya kujengea. Ataligundua mteja.

Na kwa nini kurudia huponya? Kwa sababu kazi moja ikifeli, make haiziui zile nyingine zilizokwisha kuanza. Huandika kwamba inasubiri kazi ambazo hazijaisha, na miongoni mwao ni ile ya `toleo.h`. Ikimalizika, faili linabaki kwenye diski likiwa kamili. Jaribio la pili linalikuta tayari. Ndiyo maana pia mtengeneza programu, ambaye folda yake imejaa mabaki ya jana, haoni kosa, ilhali seva inayoanza na folda tupu kila mara ndiyo inayoliona. Wakibishana, kila mmoja anasema kweli.

Watu wengi huliita kosa hili la `-j`, na hapo ndipo wanapokosea. Upungufu upo hata kwa anayejenga kazi moja moja, na kuuthibitisha ni rahisi. Badilisha namba ndani ya `toleo.sh` kutoka 1.4 kuwa 1.5, kisha andika `make` bila `-j`. Faili la `toleo.h` litatengenezwa upya, `bei` itaunganishwa upya, lakini `main.o` haitaguswa, kwa kuwa make haijui kwamba inahusika. Endesha programu: itatangaza kwa ujasiri kuwa ni toleo 1.4. Ni masaibu yale yale ya Steve Johnson, ndani ya chombo kilichobuniwa kuyaondoa.

Dawa ni mstari mmoja:

```make
main.o: toleo.h
```

Sasa make hata ikipewa viini sitini haitaanza `main.o` kabla `toleo.h` haijakamilika, na kubadilika kwa `toleo.h` kutailazimisha `main.o` ikompailiwe upya.

Kwenye mradi wenye mafaili mia tatu, hakuna atakayeandika mistari hiyo kwa mkono na kuitunza. Kompaila ya gcc ikipewa `-MMD` huandika yenyewe, kando ya kila faili inalokompaili, faili la `.d` lenye orodha ya mafaili ya kichwa iliyoyakuta, na Makefile huyasoma mara inayofuata. Njia hii ni nzuri, ila ina tundu lililo mahali pale pale pa ugomvi wetu. Orodha hupatikana baada ya kukompaili. Siku ya kwanza, kwenye folda tupu, haipo. Mafaili ya kichwa yaliyoandikwa na watu hayadhuriki, maana yapo tangu mwanzo. Yale yanayozalishwa na skripti ndiyo yanayohitaji kulindwa, kwa mstari wa namna hii:

```make
main.o kodi.o: | toleo.h
```

Mstari ule uliosimama unamaanisha: hakikisha `toleo.h` ipo kabla ya kuanza, lakini kubadilika kwake peke yake kusiwe sababu ya kukompaili upya. Hilo la pili litashughulikiwa na mafaili ya `.d` yakishapatikana.

Ziko njia za mkato, na zimeenea. Wapo wanaotia `sleep 2`, ambayo hufanya kazi mpaka siku seva inapoelemewa. Wapo wanaoandika `.NOTPARALLEL:` ndani ya Makefile, au wanaorudi kwenye `-j1`. Watunza vifurushi wa Gentoo na Debian wanaijua sana hii ya mwisho. Programu fulani ikikataa kujengwa sambamba, huandikiwa amri ya kujengwa kazi moja moja ili maisha yaendelee. Kwa mtu anayefungasha programu za wengine hilo linaeleweka. Kwa mwenye programu ni uzembe, kwa sababu tatizo la toleo 1.4 linabaki vile vile.

Mpaka miaka ya karibuni, kulisaka kosa la aina hii kulihitaji kujenga programu mara nyingi na kuomba bahati mbaya ije. GNU Make 4.4, iliyotoka Oktoba 2022, ilileta `--shuffle`, inayovuruga kwa makusudi mpangilio wa malengo na tegemezi. Yenye faida ya haraka ni ile ya kugeuza mpangilio nyuma mbele:

```
rm -f bei main.o kodi.o toleo.h
make --shuffle=reverse
```

Hapa hakuna `-j`, wala hakuna mashindano ya saa. Make itaanza na `kodi.o`, itafuata `main.o`, na itagonga mwamba palepale, kila mara, ikilalamika kwamba `toleo.h` haipo. Kosa la kubahatisha limegeuka kosa la uhakika, na la uhakika hutatuliwa. Ukitumia `--shuffle` yenyewe bila neno jingine, mpangilio huwa wa nasibu, lakini mwisho wa ujumbe wa kosa make huandika namba iliyotumika, ili mpangilio uo huo uweze kurudiwa.

Kipimo hiki hakifichui kila kitu. Kanuni moja inayozaa mafaili mawili, kama ilivyo kwa bison inayotoa `sarufi.c` na `sarufi.h`, huchukuliwa na make kuwa ni kanuni mbili, na chini ya `-j` amri huweza kuendeshwa mara mbili kwa wakati mmoja, zikiandikiana juu. Kuvuruga mpangilio hakutalionyesha hilo. Tangu toleo 4.3 la mwaka 2020, huzuiwa kwa kuandika `&:` badala ya `:` kwenye kanuni hiyo.

Anayetaka kujaribu aanze na `make --version`, hasa mwenye kompyuta ya Apple, kwa sababu make inayokuja na macOS ni 3.81 ya mwaka 2006, nayo haina `--shuffle` wala `&:`. Kisha ahakikishe kwamba `make clean` inafuta pia mafaili yanayozalishwa na skripti. Isipoyafuta, `toleo.h` ya jana itabaki mahali pake na kipimo chote kitapita bila kuonyesha kitu.