Mistari Miwili ya Bode

Chipu ya 741 iliingia sokoni mwaka 1968, na hadi leo wanafunzi wa elektroniki huanza nayo. Ishara inayobadilika polepole huikuza mara 200,000 hivi. Ishara ya hezi 10,000 huikuza mara 100 tu.

Anguko hilo huonekana kwenye mchoro uliobuniwa na Hendrik Bode wa Maabara za Bell, Marekani, katika miaka ya 1930. Mstari wa juu huonyesha ukuzaji kwa desibeli. Wa chini huonyesha awamu, yaani ishara inayotoka imechelewa kwa digrii ngapi nyuma ya iliyoingia. Masafa hupangwa kwa hatua za mara kumi.

Mstari wa juu wa 741 hulala kwenye desibeli 106 hadi hezi 5, kisha hushuka desibeli 20 kwa kila hatua mpaka sifuri, yaani ukuzaji wa mara moja, karibu na megahezi 1. Mteremko huo umewekwa makusudi, kwa kapasita ndogo ya pikofaradi 30 iliyomo ndani ya chipu.

Kwa nini mtu apunguze nguvu ya amplifaya yake? Kwa sababu amplifaya hudhibitiwa kwa kurudisha sehemu ya ishara inayotoka ili ipinge inayoingia. Ishara hiyo ikichelewa digrii 180, upinzani hugeuka kuwa msaada. Kama bado inarudi na nguvu ya kutosha, amplifaya huanza kutetemeka yenyewe, hata bila kupewa ishara. Mteremko wa desibeli 20 hugharimu digrii 90. Kwa hiyo mhandisi hutazama masafa ambayo nguvu ya mzunguko mzima imefika mara moja, kisha huhesabu digrii zilizobaki kabla ya 180. Hiyo ndiyo akiba ya awamu.

Tuchukue 741 iliyopangwa ikuze mara moja tu, ikiwa na kebo ndefu yenye nanofaradi 10. Ukinzani wa ndani wa omu 75 na kebo hiyo huleta ucheleweshaji mwingine unaoanza kuuma karibu na kilohezi 212. Nguvu ya mzunguko hufika mara moja kwenye kilohezi 436 hivi, na akiba inabaki digrii 26, pengine pungufu. Kwenye osiloskopu, wimbi la mraba litapanda karibu nusu zaidi ya kiwango chake, kisha litayumba kabla ya kutulia.

Ajabu ni kwamba ukiipanga ikuze mara kumi, hutulia. Sehemu inayorudishwa ni ndogo mara kumi, makutano yanasogea hadi kilohezi 92 hivi, na akiba inapanda hadi digrii 67. Gharama yake ni masafa ya juu. Asiyetaka kuyapoteza huweka rezista ya makumi machache ya omu kati ya chipu na kebo.