Ridhaa ya kaka aliye Maskati

Kisiwani Pemba, shamba la urithi haliuzwi mpaka aliye mbali aseme. Aliye mbali mara nyingi yuko Omani, na sauti yake kwenye simu haimtoshi mnunuzi mwenye akili. Anataka karatasi, asije akatokewa na mrithi siku mikarafuu imeshika, akadai hakuulizwa.

Barua yenyewe ina adabu zake. Huanza na "mimi huku ni mzima, hofu ni juu yenu", ikaagiza mama abusiwe mikono, ndipo ikaingia kwenye shamba: "Nimeridhika liuzwe, ila mambo haya yatimizwe."

Tuchukue baba aliyeacha mke, wana wawili wa kiume na wawili wa kike. Deni na wasia vimeshatolewa, na shamba limepata milioni 48. Kwa faraidhi, mama ana thumni, yaani milioni 6. Zilizobaki, milioni 42, hukatwa mafungu sita: kila mwana wa kiume mawili, kila wa kike moja. Kaka wa Maskati anastahiki milioni 14, na kila dada milioni 7.

Sharti lake la kwanza huwa ni kwamba hesabu hiyo ifanyike mbele ya sheha na wazee, na gharama za mauzo zitolewe kwenye jumla, si kwenye fungu lake peke yake. La pili, shamba asiuziwe mgeni kabla ya ndugu kuulizwa. Hiyo ndiyo shufaa. La tatu, fungu lake akabidhiwe dada fulani anayemtaja, apaue nyumba ya mama.

Hapo ndipo ugomvi unapozuka. Mdogo mtu aliyebaki nyumbani, aliyepalilia na kulipa wachumaji, huona kaka anavuna asichopanda. Faraidhi haimwongezei fungu kwa jasho hilo. Kaka muungwana huandika: "Mavuno yote ya nyuma nimekusamehe, ndugu yangu, lakini katika bei nataka haki yangu." Naona ni maneno ya haki, maana yanatenganisha karafuu zilizokwisha liwa na mikarafuu inayouzwa. Asiyeyaandika huachia kila upande uchungu wake.

Sharti la mwisho ni makaburi: mahali walipolala wazee pasiuzwe, na njia ya kwenda kuzuru ibaki wazi. Wengi hudhani kuliandika kwenye barua kunatosha. Barua inawafunga ndugu tu. Mnunuzi hakuitia saini, na akiuza kwa mwingine, huyo wa pili hata habari yake hana. Kwa hiyo, wewe uliye ng'ambo, kabla hujatuma ridhaa, mtake ndugu yako akusomee rasimu ya hati ya mauzo. Kama makaburi na njia yake havimo humo na mipaka haikutajwa, usitie saini.